Jibu Namba Tisa

Watu wengi huku kwetu, kaskazini mwa Michigan, Marekani, karibu na Ziwa Superior, walimjua Ilma Kangas kwa sauti kabla ya sura. Kwa miaka ishirini na mbili yeye ndiye aliyekuwa kwenye redio ya ofisi ya barabara, akiwapanga madereva wa magari ya kuondoa theluji. Mimi nilimsikia zamani sana, wakati bado nazurura, leo nakata kuni kwa mtu, kesho nachuma tufaha kwa mwingine. Madereva wale walinipa lifti, na ndani ya gari sauti yake haikukatika: wewe pita kilimani, wewe rudi, wewe subiri hapo.

Alikuwa na tabia moja ambayo madereva waliicheka. Akimpa mtu kazi, hakuiachia mpaka yule mtu aseme, "Nimeshika." Usiposema, anakuita tena. Usiposema tena, anamtuma mwingine aje akuangalie.

"Ilma, hata chumvi mezani ukinipa lazima niseme nimeshika?" dereva mmoja alimtania.

"Wewe zaidi ya wote. Umeshaniangushia birika mbili."

Alipostaafu alikaa nyumbani miezi mitatu, akachoka kutazama ndege wanaokula mbegu dirishani, akaenda kwa Reino Tuomela kuomba kazi. Reino anatengeneza majiko ya sauna, ile nyumba ndogo ya kuogea kwa joto na mvuke wa mawe. Ana karakana kubwa iliyokuwa ghala la viazi, anachomelea vyuma humo, na mimi napaka rangi na kufungasha mawe. Jina lake ni kubwa kwa Wafini wote wa pande hizi, watu wa asili ya Finland, na kwa wasio Wafini pia, siku hizi kila mtu anataka sauna. Kwa chuma, Reino hana mfano. Kwa maneno, Mungu amsaidie. Kabla Ilma hajaja, Reino mwenyewe ndiye aliyekuwa akijibu meseji za wateja. Mtu mmoja aliuliza kama jiko linaweza kupakwa rangi ya waridi, naye akamjibu, "Hapana," akaweka nukta, na mteja akaenda zake.

Ilma alipewa meza kando ya dirisha, kompyuta, na inboksi yenye meseji mia tatu na kumi ambazo hazijajibiwa. Wiki ya kwanza hakujibu hata moja. Alisoma tu. Alisoma zote na kuandika kwenye daftari nani anauliza nini, na Reino akapita nyuma yake akinung'unika kwamba amemwajiri msomaji wa magazeti.

Baada ya wiki akasema, "Reino, wateja wako hawana maswali mia tatu. Wana maswali kumi na manne."

Ndipo akaandika majibu kumi na manne. Namna inavyofanya kazi ni rahisi, hata mimi naielewa: jibu unaliandika mara moja kwa utulivu, unalihifadhi, unalipa namba au neno fupi. Mteja akiuliza, unaandika lile neno fupi tu na jibu zima linajitokeza. Lakini Ilma alikataza kulituma hivyo hivyo. Kila jibu alianzisha kwa nafasi tupu, ili usiweze kulituma bila kujaza jina la mtu na jambo lake. "Mtu akiuliza habari ya mawe ya bwana wake aliyefariki," aliniambia, "usimrushie tu kipimo cha mawe. Mwambie pole kwanza, halafu kipimo."

Namba moja lilikuwa la ukubwa wa chumba. Namba nne la harufu ya rangi: jiko jipya hutoa harufu na moshi kidogo mara ya kwanza, fungua milango, washa moto mdogo mara mbili tatu. Namba saba lilikuwa la mawe, kwamba usiokote ya ufukweni, mengine yana maji ndani na hupasuka. Namba tisa lilikuwa la kichwa kuuma. Watu wasiozoea sauna hukaa sana kwenye joto, wanatoka na kizunguzungu, wanadhani jiko lina kasoro. Jibu lilisema: ni joto na kukosa maji, toka, kaa chumba cha kubadilishia nguo dakika ishirini, kunywa glasi mbili, ukijisikia vizuri unaweza kurudi.

Nalitaja hili kwa sababu lilikuwa jibu zuri. Lilisaidia mamia.

Halafu akaandika sheria za kukabidhi, karatasi moja tu, akaibandika ukutani. Kuna maneno ambayo mteja akiyataja, jibu la akiba haliruhusiwi: kuungua, moto ukutani, mtoto, damu, daktari. Hapo mazungumzo yanawekwa alama nyekundu na kukabidhiwa Reino, kwa sababu yeye ndiye anayelijua jiko. Kabla ya kukabidhi unaandika mistari mitatu ambayo mteja haioni: huyu ni nani, kimetokea nini, na mimi nimeshamwambia nini. Ili Reino asije akamwuliza mtu wa watu kila kitu upya. Mteja naye anaambiwa kwa jina nani anakuja na saa ngapi. Na mwisho, kwa herufi kubwa: MAZUNGUMZO NI YAKO MPAKA MWENZAKO ASEME NIMESHIKA. Asiposema kwa dakika tano, inuka, mfuate.

Karatasi hiyo ndiyo iliyoleta ugomvi.

Reino hakupenda kufuatwa. Mtu anayechomelea hawezi kuacha katikati ya mshono kila mara, na Ilma alikuwa akimjia na kusimama kando, mikono kifuani, akingoja neno moja. Mwezi wa pili mwaka huu, wiki moja tu, alikabidhiwa alama nyekundu kumi na mbili. Ijumaa asubuhi, wakati wa kahawa na mkate wa iliki, alizisoma kwa sauti mbele yetu.

"Huyu hapa ametaja 'moto ukutani'. Ni picha. Amechora picha ya moto ukutani mwa sauna yake, anauliza kama ni nzuri!"

"Ulisema ni nzuri?" nikamwuliza.

"Mzee, kunywa kahawa yako. Huyu ametaja mtoto. Mtoto wa paka. Huyu ametaja kuungua, kumbe ni soseji aliyoiweka juu ya mawe! Nimeacha jiko la watu nusu nimwambie mtu asichome soseji juu ya mawe."

"Ulimwambiaje?" Ilma akauliza.

"Nilimwambia mafuta yataingia kwenye mawe na sauna itanuka nguruwe mpaka Krismasi."

"Basi ulimjibu vizuri. Mimi nisingejua."

Reino hakucheka. Alikuwa ameshaamua. Mpwa wake wa Green Bay alikuwa amemwonyesha mashine inayosoma meseji na kutuma yenyewe lile jibu la akiba linalofanana na swali, saa zote, hata watu wakiwa kanisani. Kuanzia Jumatatu, alisema, mashine itachukua inboksi. Alama nyekundu zitabaki kwa maneno mawili tu, nyumba kuungua na mwanasheria. Karatasi ya ukutani itatoka. Ilma atabaki, kama akitaka, kushughulikia usafirishaji.

Ilma alimaliza mkate wake, akafuta chembe mezani kwa kiganja. "Nipe mpaka Jumatatu, basi. Jumamosi hii niifanye mwenyewe."

"Jumamosi ni yako."

Huku Jumamosi ni siku ya sauna, ndiyo maana inboksi hujaa siku hiyo. Watu wanawasha moto mchana, wanagundua wamesahau kuuliza kitu, wanaandika. Nilikuwepo, kwa kuwa chumba changu kina baridi na ofisi ya Ilma ina joto. Nilikaa pembeni nikifunga lebo kwenye magunia ya mawe. Ilma alikuwa akifanya kazi kama mtu aliyeambiwa kwamba anatazamwa. Haraka, haraka kuliko kawaida yake. Alitaka Jumatatu Reino akute inboksi tupu na alama nyekundu chache, aone kwamba karatasi ile haipotezi muda wa mtu. Nilimwona anakula pasti yake, kile kimkate kilichojazwa nyama, kwa mkono mmoja huku mwingine unaandika, jambo ambalo kwa siku nyingine angemkemea mtu.

Saa tisa kasoro, alasiri, aliniita. "Tazama mawe haya, Mzee. Huyu ameyapanga vizuri kuliko wewe."

Nikatazama. Mteja aliitwa Wendell Saari, wa Minnesota, upande wa pili wa ziwa. Alikuwa ametuma picha ya mawe yamepangwa juu ya jiko letu, na juu ya picha meseji ndefu. Jiko ni zuri, limefungwa wiki iliyopita, halitoi moshi hata kidogo. Leo yeye na ndugu yake wameoga kwa mara ya kwanza na wametoka na kichwa kinauma na kizunguzungu. Je, joto limezidi? Je, mawe ni mengi? Mama anasema wamekuwa walegevu siku hizi. Kulikuwa na mengine, lakini picha ilikuwa kubwa na macho yalikwenda kwenye picha, yake na yangu.

Ilma akaandika jina la Wendell, akasifu mawe, akamwaga namba tisa. Baada ya dakika moja Wendell akarudisha kidole gumba na neno asante.

Akaendelea na wengine.

Sasa, alikuwa na desturi moja ambayo haikuwa hata kwenye karatasi. Kabla ya kuyafunga mazungumzo, aliyasoma tena kutoka juu kabisa, kana kwamba amekabidhiwa na mtu mwingine asiyemwamini sana. Alitoka nayo redioni. Siku ile angeweza kuiacha, kwa haraka aliyokuwa nayo, na hakuna ambaye angejua. Saa tisa na dakika kumi alianza kufunga. Akafunga mbili. Ya tatu ilikuwa ya Wendell.

Nilisikia kiti kikirudi nyuma.

"Mzee. Nisomee hii sentensi. Nisomee kwa sauti."

Nilivaa miwani. Macho yangu si mazuri. Nikasoma: "Mama anasema tumekuwa walegevu, ila naye kichwa kinamwuma, na yeye hata hakuingia, alikuwa anafuma soksi pale mlangoni mwa jiko."

"Hakuingia," Ilma akasema.

Inabidi niseme kitu kuhusu majiko yale, hamtanielewa bila hicho. Sauna nyingi za zamani, mlango wa kuingizia kuni hauko kwenye chumba cha joto. Uko upande wa pili wa ukuta, kwenye chumba cha kubadilishia nguo, na jiko la Wendell lilikuwa la namna hiyo. Mama aliyekuwa akifuma hakuwa kwenye joto hata kidogo. Kwa hiyo kichwa chake hakikuuma kwa joto. Na kitu kinachomwumiza mtu kichwa kando ya jiko lisilotoa moshi hata kidogo ni ile hewa ya makaa, isiyo na harufu wala rangi, ile inayowalaza watu usingizi. Kila mtu aliyewahi kuota makaa ndani ya chumba kilichofungwa anaijua, au amemzika mtu kwa sababu yake.

Na jibu namba tisa lilikuwa limewaambia wakae chumba kile kile. Dakika ishirini.

Ilma hakulia wala kupiga kelele. Hakulifuta jibu lake pia. Aliandika chini yake, kwa mkono, bila akiba yoyote: "Wendell, nilikosea. Tokeni nje wote watatu sasa hivi, pamoja na mama, kaeni kwenye hewa ya nje, pigeni 911. Msirudi ndani kuchukua kitu." Akatuma. Tukasubiri tuone kama imesomwa. Haikusomwa.

Aliandika ile mistari mitatu. Naikumbuka kwa sababu niliiona baadaye: "Saari, watu watatu, mmoja hakuoga, wote kichwa. Hewa ya makaa. Nimewaambia wakae ndani, ni kosa langu." Akaweka alama nyekundu, akaikabidhi kwa Reino, na hakungoja zile dakika tano. Aliinuka na kukimbia kupita uani kwenye theluji na viatu vya ofisini, nami nikamfuata kwa mwendo wangu.

Reino alikuwa ameinama juu ya mshono, kofia ya chuma usoni. Ilma alimshika bega. Mwanga ukazima, kofia ikainuka.

"Soseji tena?"

"Watu watatu wanalala kwa hewa ya makaa Minnesota na mimi ndiye niliyewaweka humo. Namba ya simu iko kwenye oda yao. Wewe piga kwao, mimi napiga kwa zimamoto. Umeshika?"

Nimemjua Reino miaka kumi na moja. Ni mtu wa kuuliza, una hakika, umejuaje, nani kasema. Hakuuliza. Alivua glavu.

"Nimeshika."

Ilma alirudi kwenye simu ya ofisi. Hapa ndipo ile miaka ishirini na mbili ilipomsaidia, maana mtu mwingine angebonyeza 911, namba ya dharura, na kuanza kueleza, na 911 ya huku inapokelewa na watu wa huku. Hawana gari la zimamoto Minnesota. Yeye alipiga moja kwa moja kituo cha kaunti yetu kwa namba ya kawaida, akamkuta mwanamke anayemfahamu.

"Ni Ilma. Nipe namba ndefu ya kituo cha dharura cha kaunti hii," akaitaja, "ya Minnesota. Si yako, ya kwao. Nangoja."

Akaipata, akapiga, akatoa anwani kutoka kwenye oda, akaisoma herufi kwa herufi. Akasema sauna ni jengo la peke yake nyuma ya nyumba, wasipoteze muda kugonga mlango wa mbele. Hilo alilijua kwa sababu mwezi mmoja nyuma Wendell alikuwa ameuliza jiko lishushwe wapi, na mazungumzo yale yote yalikuwa bado yapo juu, ukiyapandisha. Yule wa upande wa pili alipomaliza, Ilma akasema, "Nirudie ulichosikia." Akarudiwa. Ndipo akakata.

Reino aliingia na theluji mabegani. "Simu inaita tu. Ni ya nyumbani, iko nyumbani, wao wako sauna."

"Endelea kupiga."

"Inaita tu, Ilma!"

"Endelea."

Aliendelea. Alisimama katikati ya ofisi na simu sikioni kama mtoto aliyetumwa. Ilma alitazama kioo cha kompyuta mahali palipo meseji yake isiyosomwa. Wakati huo huo mwanamke mmoja wa Ohio aliuliza kama tunasafirisha mpaka Ohio, na Ilma akamjibu. Jibu namba mbili, jina lake, hali ya hewa ya kwao. Nilimstaajabia. Mimi nisingeweza kuandika hata jina langu.

Dakika ishirini na sita. Halafu simu ya ofisi ikalia, ni yule yule wa kituo cha Minnesota, ambaye hakuwa na wajibu wa kupiga ila Ilma alikuwa amemwomba. Wamewapata. Vijana wawili walikuwa wamekaa kwenye benchi wakisinzia, glasi za maji mikononi. Mama alikuwa amelala sakafuni, lakini anapumua. Wametolewa nje, wamepewa hewa safi kwa barakoa, wanapelekwa hospitali. Zimamoto walikuta kilango cha dohani, kinachopitisha moshi, kimefungwa na makaa yakiwa bado mekundu.

Reino alikaa chini. "Nani anafunga kilango na makaa bado yapo?"

"Baba yako," Ilma akasema. "Na baba yangu. Ili joto lisiende."

Ni kweli, wazee wa Kifini walifanya hivyo, moto ukizimika wanafunga kilango joto likae mpaka zamu ya mwisho. Waliojua kusubiri makaa yafe waliishi. Ni kosa ambalo mgeni wa sauna hawezi kulifanya, hajui hata kwamba kilango kipo.

Sitaki mdhani Ilma alitoka hapo akitembea kama mshindi. Jumapili hakwenda kanisani. Jumatatu alikuja mapema, na Reino alipoingia alikuta karatasi ya ukutani imetolewa, iko mezani, imeandikwa wino mwekundu juu ya wino mweusi.

"Umeitoa mwenyewe," Reino akasema.

"Naisahihisha. Halafu mashine yako, waweza kuileta. Sina haki ya kukataa. Mashine ingetuma namba tisa, na mimi nilituma namba tisa."

"Mpwa wangu amepiga simu asubuhi. Nilimwuliza, hiyo mashine yako ikishajibu na mteja akasema asante, inafanya nini? Akasema inafunga mazungumzo, inakwenda kwa mwingine. Nikamwuliza, hairudi kusoma? Akasema irudi kusoma nini, mteja ameshasema asante." Reino alijimiminia kahawa. "Iweke hiyo karatasi mahali pake. Mashine itawaambia watu saa za kufungua na kama tunafika Ohio. Basi."

"Na alama nyekundu zitaongezeka," Ilma akasema. "Nimeongeza kichwa kuuma. Kila kichwa."

"Kila kichwa? Jumamosi nzima nitakuwa kwenye simu na walevi!"

"Ndiyo."

"Mungu wangu," Reino akasema, akabeba kahawa yake akatoka.

Namba tisa haipo tena kama ilivyokuwa. Sasa inaanza na swali, na bila jibu la swali hilo hakuna maelezo mengine yanayotoka: kuna mtu anayeumwa kichwa ambaye hakuingia kwenye joto? Halafu inasema tokeni nje kabisa, si chumba cha kubadilishia nguo. Na ile desturi ya kusoma upya kutoka juu, Ilma aliiweka kwenye karatasi, maana alisema kitu kisichoandikwa kinategemea mtu ameamkaje.

Alhamisi ikaja meseji kutoka akaunti ya Wendell. Ilma aliifungua, akaisoma, akasogea nyuma kidogo, akaniambia niisome nami.

"Mimi ni Martta Saari, mama yake. Nina miaka sabini na tisa. Jumamosi mlinitumia wanaume sita wa zimamoto, wanne kati yao niliwafundisha shule ya Jumapili, na mimi niko sakafuni na gauni la ndani na soksi moja. Jiko lenu halina kosa. Kilango nilikifunga mimi. Lakini nataka kujua ni nani aliyewaambia wanangu wakae mle ndani wanywe maji. Nataka jina."

Ilma aliweka vidole kwenye vibonyezo, akaviondoa. Akaviweka tena. Kisha akaweka alama nyekundu na kumpelekea Reino, akaandika mistari yake mitatu, kwa kuwa kwenye karatasi yake mpya alikuwa ameandika kwamba malalamiko juu ya mtu hayajibiwi na mtu huyo huyo. Atajitetea tu, alisema, hata asipotaka.

Reino alikuja bila kufuatwa. Alikaa kwenye kiti cha Ilma, kikalia, akasoma.

"Nimeshika. Nimwambie nini huyu mama?"

"Mimi siwezi kukwambia. Ndiyo maana nimekukabidhi."

"Naweza kumwambia ni mashine."

"Unaweza," Ilma akasema, akageukia dirishani.

Reino alichapa kwa vidole viwili, polepole, kila neno kama anapiga msumari. Ilichukua robo saa. Alipomaliza alitusomea. "Mama Martta. Ni Ilma Kangas, anayefanya kazi kwangu. Jibu lilikuwa kosa, na jibu lile nililikubali mimi nilipolisoma mwaka juzi, kwa hiyo ni letu wawili. Ilma huyo huyo ndiye aliyerudi kuisoma meseji ya Wendell na kuwaita zimamoto. Tumelibadilisha jibu. Soksi moja tunasikitika. Reino Tuomela."

"Soksi ungeiacha," nikamwambia.

"Soksi imo kwenye malalamiko, Mzee. Ilma anasema jibu kila jambo lililomo."

Akatuma. Haikupita nusu saa, simu ya ofisi ikalia, namba ya Minnesota. Ilma aliitazama. Ikalia mara nne, mara tano. Reino alikuwa ameshafika mlangoni, akasimama kama anayetaka kuichukua, kisha akaacha.

Ilma akainua. "Hapa kwa Tuomela, anaongea Ilma Kangas."

Sauti ya upande wa pili nilisikia kidogo tu, kali na nyembamba, halafu Ilma akasema ndiyo, ni mimi. Halafu akasema, hapana, sikujua. Halafu akasikiliza. Mwishowe nikamsikia anauliza, "Rangi gani, hiyo soksi?" Nikachukua magunia yangu nikatoka, na mlango nikaufunga nyuma yangu.